Tohara na ile asilimia 60: namna ya kuupima utafiti kabla ya kuuamini

Kwa kinyozi, kijana aliyekaa kiti cha jirani alikuwa akimweleza mwenzake kwa nini ameamua kutahiriwa akiwa na miaka 22. "Utafiti ulifanywa hapa hapa Kisumu," alisema. "Asilimia 60! Yaani kati ya wanaume kumi waliotahiriwa, sita hawapati virusi kabisa. Wale wanne ndio wanabaki na bahati yao." Mwenzake akauliza, "Na hao sita unajuaje kama wewe ni mmoja wao?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko alivyodhani aliyeliuliza. Kijana alikuwa sahihi kwamba utafiti ulifanyika, na alikuwa sahihi kwamba tohara inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa virusi vya ukimwi. Alichokosea ni maana ya namba, na kosa lake ni la hatari, kwa sababu mtu anayejihesabu miongoni mwa "sita walio salama" anaweza kuona hana haja tena ya kondomu. Nataka kuufungua utafiti huo hapa, kwani ni mojawapo ya tafiti zilizofanywa vizuri sana katika eneo letu, na ukishajua kwa nini unaaminika, na unaaminika mpaka wapi, utakuwa na macho ya kuutazama utafiti mwingine wowote unaotangazwa redioni.

Kabla ya Kisumu

Wazo lenyewe lilikuwapo tangu miaka ya 1980. Mwaka 1989 watafiti walichapisha matokeo kutoka Nairobi. Walikuwa wamewafuatilia wanaume waliokwenda kliniki kwa magonjwa ya zinaa baada ya kulala na wanawake wanaouza ngono. Wasiotahiriwa walionekana kuwa na hatari ya kuambukizwa virusi iliyozidi ile ya waliotahiriwa kwa zaidi ya mara nane.

Mara nane! Kwa namba kama hiyo mtu angeweza kusema mjadala umekwisha. Lakini hebu jiulize, ni nani hatahiriwi Kenya? Kwa kawaida mila ya Waluo haikuwa na tohara. Alama yao ya utu uzima ilikuwa kung'oa meno ya chini ya mbele. Waislamu wanatahiri. Wakikuyu, Wakamba, Wakisii na Waluhya walio wengi wanatahiri. Kwa hiyo ukimlinganisha mtu aliyetahiriwa na asiyetahiriwa hujalinganisha govi peke yake. Umelinganisha pia dini, kabila, mahali mtu alipolelewa, pombe anayokunywa au asiyokunywa, mji anaoishi, umri alioanza kujamiiana na aina ya wapenzi anaokutana nao. Kama ukimwi umeenea zaidi kando ya Ziwa Victoria, na wengi wanaoishi huko hawatahiriwi, basi asiyetahiriwa ataonekana kuwa hatarini hata kama govi halina kosa lolote.

Watafiti wa Nairobi walilijua hilo, na walijaribu kulirekebisha kwa hesabu. Tatizo ni kwamba unaweza kurekebisha kile ulichokiuliza kwenye dodoso tu. Usichokijua hakirekebishiki. Ndiyo maana mwaka 2003, jopo lililokusanya tafiti za aina hiyo na kuzipitia upya lilihitimisha kwamba ushahidi uliopo hautoshi kupendekeza tohara kama kinga. Tafiti zilikuwa nyingi na zilielekea upande mmoja, lakini udhaifu wao ulikuwa ule ule. Kurundika tafiti zenye kasoro moja hakuiondoi kasoro hiyo.

Kura

Mwaka 2002 timu ya watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi, Illinois na Manitoba, ikiongozwa na Robert Bailey akiwa na wenzake kama Kawango Agot na Ndinya-Achola, ilianza kuandikisha vijana mjini Kisumu. Hatimaye walipatikana 2,784, wote wa kati ya miaka 18 na 24, wote hawajatahiriwa, wote wamepimwa na kukutwa hawana virusi. Wengi mno kati yao walikuwa Waluo. Kisha ikapigwa kura. Wanaume 1,391 waliangukia upande wa kutahiriwa mara moja, na 1,393 wakaangukia upande wa kusubiri miaka miwili, na baada ya hapo wangetahiriwa wakipenda.

Nguvu yote ya utafiti imo kwenye kura hiyo. Mnywaji na asiyekunywa, mwenye wapenzi watatu na mwenye mmoja, mvuvi na mwanafunzi, wote walikuwa na nafasi sawa ya kuangukia upande huu au ule. Watu wakiwa zaidi ya elfu moja kila upande, tofauti hizo hujigawa karibu nusu kwa nusu zenyewe, pamoja na zile ambazo hakuna mtafiti aliyewahi kuzifikiria. Baada ya hapo kitu kimoja tu kinazitenganisha pande hizo mbili.

Wale wa kusubiri hawakuachwa hivi hivi. Pande zote mbili zilipata ushauri nasaha uleule, kondomu zilezile, matibabu yaleyale ya magonjwa ya zinaa, na zilipimwa damu kwa ratiba moja: mwezi wa 1, wa 3, wa 6, wa 12, wa 18 na wa 24. Hili ni jambo la kulitafuta katika utafiti wowote. Kama waliopewa dawa wanaonana na daktari kila wiki na wasiopewa hawaonwi na mtu, hujui kilichosaidia ni dawa au ni daktari.

Kitu kimoja hakikuwezekana. Katika majaribio ya vidonge, wengine hupewa kidonge kisicho na dawa ndani ili mgonjwa asijue yuko upande gani. Tohara huwezi kumficha mtu. Kila mmoja alijua alikoangukia, na anayejua hubadilika. Je, hilo linaharibu matokeo? Inabidi kufikiria kosa lingeelekea upande gani. Hofu ya wengi ilikuwa kwamba waliotahiriwa wangejiona wana kinga na kuacha kondomu. Kama wangefanya hivyo, maambukizi yao yangeongezeka na faida ya tohara ingeonekana ndogo kuliko ilivyo. Watafiti waliwauliza washiriki kuhusu tabia zao kila walipokuja na hawakuona ongezeko hilo. Isitoshe, kilichohesabiwa mwishoni ni kipimo cha damu, na damu haijali mtu anaamini nini. Laiti kilichopimwa kingekuwa "unajisikiaje?", ningeyatilia shaka matokeo hayo zaidi sana.

Kuna jambo jingine dogo. Waliotahiriwa walitakiwa kujizuia na ngono mpaka kidonda kipone. Kwa hiyo katika wiki za mwanzo huenda waliepuka maambukizi kwa kujizuia tu. Lakini hilo lingeonekana mwanzoni kisha likaisha, na tofauti ya Kisumu haikuisha mwanzoni.

Watu 2,784, matukio 69

Mnamo Desemba 12, 2006 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Bodi huru iliyokuwa ikiangalia takwimu iliona tofauti ni kubwa kiasi kwamba haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wale wengine. Hadi siku hiyo walioambukizwa upande wa tohara walikuwa 22, na upande wa kusubiri 47.

Hapa watu wengi husoma ukubwa wa sampuli vibaya. Huona 2,784 na kuridhika kwamba utafiti ni mkubwa. Lakini swali lilikuwa nani anaambukizwa, na walioambukizwa ni 69 tu. Wale wengine wote walimaliza kama walivyoanza. Uzito wa ushahidi umebebwa na hao 69, na namna walivyogawanyika.

Basi tujiulize: tuseme tohara haisaidii chochote. Kila aliyeambukizwa angeweza kuwa upande wowote, kama shilingi inayorushwa hewani. Ukirusha shilingi mara 69, unategemea upande mmoja uje mara 34 au 35. Kupata 22 kwa 47, au mgawanyo ulioegemea zaidi ya hapo upande wowote, kwa bahati tupu hutokea takriban mara 4 katika kila majaribio 1,000. Inawezekana, lakini ni adimu.

Sasa tuupunguze utafiti huo mara kumi. Badala ya watu 2,784 tuwe na 278, na maambukizi yawe 2 upande wa tohara na 5 upande wa pili. Kichwa cha habari kitabaki kilekile, kwa kuwa 2 kwa 5 inaonyesha kupungua kwa asilimia 60. Ila ukirusha shilingi mara 7, mgawanyo wa 2 kwa 5 au ulioegemea zaidi unatokea kwa bahati karibu mara 45 katika 100. Ni kama hujafanya utafiti. Kwa hiyo unaposikia asilimia, rudi nyuma uulize: matukio yenyewe yalikuwa mangapi? Asilimia peke yake haikuambii kama imetoka kwa watu 7 au 69.

Hata 69 si wengi, na watafiti walilisema hilo wazi. Makadirio yao ni kwamba tohara ilipunguza hatari kwa asilimia 53, lakini kwa data waliyokuwa nayo ukweli ungeweza kuwa popote kati ya asilimia 22 na 72. Hayo ni masafa mapana. Vyombo vya habari vilibeba namba moja tu na kuiacha mipaka yake.

Halafu kuna waliopotea. Washiriki 240 hawakuwa na taarifa kamili ya vipimo hadi mwisho. Wengine huhama, wengine huchoka. Tofauti kati ya pande mbili ilikuwa watu 25 tu, na waliopotea ni karibu mara kumi ya hao. Mimi nilipoiona namba hiyo mara ya kwanza ilinitia wasiwasi, mpaka nilipoipigia hesabu. Tuseme waliopotea waligawanyika nusu kwa nusu, 120 kila upande. Ili tofauti yote ifutike, lazima upande wa tohara uwe na maambukizi 25 ya ziada yaliyofichika miongoni mwa hao 120, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Miongoni mwa wanaume walioonekana, hata upande wa kusubiri, hatari haikufika kiwango hicho hata kidogo. Waliopotea wanaweza kuisogeza ile 53, ila ni vigumu kuamini kwamba wanaweza kuifuta.

Sasa ile 60 ya kijana wa kinyozi ilitoka wapi, kama makadirio ni 53? Si kila aliyeangukia upande wa tohara alikwenda kutahiriwa, na wapo wa upande wa kusubiri waliokwenda kujitahiri kwingine. Ile 53 inamhesabu kila mtu pale kura ilipomweka, bila kujali alichofanya baadaye. Ukiwarekebisha kwa yale waliyoyafanya kweli, na kuwatoa wanne waliogundulika baadaye kwamba walikuwa na virusi tangu siku ya kuandikishwa, unapata 60. Namba zote mbili ni halali, lakini mimi naanza na 53, kwa sababu mtu akishaanza kuchagua mwenyewe aende au asiende, ile haki ya kura inaanza kuvuja. Anayekaidi kutahiriwa huenda ni tofauti na mwenzake kwa mambo mengine pia.

Asilimia 53 ya nini?

Turudi kwa kinyozi. Kwa makadirio ya watafiti, katika miaka miwili wanaume walioambukizwa upande wa kusubiri walikuwa asilimia 4.2, na upande wa tohara asilimia 2.1. (Ukigawa 47 kwa 1,393 hupati 4.2, kwa kuwa wengine walikuwa hawajamaliza miezi 24 jaribio liliposimama, na hesabu imelizingatia hilo.)

Chukua wanaume 1,000 wasiotahiriwa. Baada ya miaka miwili, 42 wameambukizwa na 958 hawajaambukizwa. Chukua wengine 1,000 waliotahiriwa. Walioambukizwa ni 21. Tofauti ni watu 21 katika 1,000, au tuseme wanaume 48 hivi watahiriwe ili mmoja aepuke maambukizi katika muda huo.

Hakuna "sita kati ya kumi" mahali popote humo. Wengi mno wangebaki salama kwa miaka miwili hata bila kutahiriwa, na waliotahiriwa hawakugawanywa makundi mawili, wenye kinga na wasio nayo. Kila mmoja wao alibaki na hatari, ila iliyopungua hadi karibu nusu kila anapojiweka hatarini. Ndilo jibu la lile swali la "unajuaje kama wewe ni mmoja wao": hakuna "wao". Na anayejiweka hatarini mara mbili zaidi kwa kuwa ametahiriwa, amerudi karibu pale alipokuwa.

Ona pia kwamba ile 53 na ile 21 katika 1,000 zimetoka kwenye data moja, lakini zinajibu maswali mawili. Ukiipeleka tohara mahali ambapo ni wanaume 2 tu kati ya 1,000 wanaoambukizwa katika miaka miwili, nusu ya wawili ni mmoja. Utawatahiri takriban 1,000 ili kumkinga mtu mmoja, ingawa mtangazaji ataendelea kusema "inapunguza kwa nusu" na atakuwa anasema kweli. Kisumu ilichaguliwa kwa sababu maambukizi yalikuwa mengi. Bila hivyo wale 69 wasingefikiwa, na bila hivyo faida kwa kila 1,000 isingekuwa kubwa kiasi hicho.

Ulinganishe pia na Nairobi ya 1989. Kule hatari ilikuwa zaidi ya mara nane, hapa kura inaonyesha mara mbili hivi. Sehemu ya pengo hilo huenda ni kweli, kwa kuwa wanaume wa Nairobi walitoka kliniki ya magonjwa ya zinaa na vidonda vya sehemu za siri huwapa virusi mlango. Lakini sehemu kubwa ya pengo la namna hii huwa ni yale mambo mengine yaliyopandia gari la tohara bila tiketi. Athari kubwa mno ikitoka kwenye utafiti usio na kura, huwa naisubiri kwanza.

Kinachonifanya nikubali makadirio ya Kisumu ni majirani zake wawili. Kusimamisha jaribio mapema kuna kasoro yake: husimamishwa pale tofauti inapokuwa imepanda, kwa hiyo huelekea kuonyesha athari kubwa kidogo kuliko ilivyo. Majaribio mengine mawili yalifanywa kwa kura vilevile. Rakai, Uganda, kati ya wanaume 4,996, walioambukizwa walikuwa 22 kwa 45. Orange Farm, Afrika Kusini, kati ya 3,274, walikuwa 20 kwa 49. Nayo pia yalisimamishwa mapema. Lakini nchi tatu na watafiti mbalimbali, wakaishia wote karibu na nusu. Bahati inayorudia jibu lilelile mara tatu ni ngumu sana kuipata. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakaipendekeza tohara ya hiari kama kinga ya nyongeza kwa wanaume, na Kenya ikaanza mpango wake Nyanza mwaka uliofuata.

Sampuli ya Kisumu inaishia wapi? Ilikuwa ya vijana wa mjini, wasio na virusi, wanaojamiiana na wanawake, waliokuwa tayari kuiachia kura iamue. Rakai iliwachukua wanaume wa vijijini wa miaka 15 hadi 49, kwa hiyo umri na kijiji vimejibiwa kiasi. Muda umejibiwa nusunusu: vijana wa Kisumu waliendelea kufuatiliwa hadi mwaka wa sita na faida ilikuwapo bado, ila wengi wa waliokuwa wakisubiri walikuwa wameshatahiriwa kwa hiari yao, kwa hiyo ulinganisho wa miaka ya mwisho hauna tena ulinzi wa kura.

Na mke je? Wanawake wengi waliambiwa, au walijiambia, kwamba mume aliyetahiriwa hawezi kuwaambukiza. Utafiti wa Kisumu haukusema neno lolote kuhusu hilo, kwa sababu hakuna mwanamke aliyepimwa ndani yake. Rakai walilipima peke yake. Waliwachukua wanaume 922 waliokwisha kuwa na virusi na wasiotahiriwa, wakapiga kura tena, kisha wakawafuatilia wapenzi wao wasio na virusi. Upande ambao mwanaume alitahiriwa, wanawake 17 kati ya 92 waliambukizwa. Upande mwingine, 8 kati ya 67. Ni asilimia 18 kwa 12. Matukio hayo ni machache mno kuthibitisha kwamba tohara iliongeza hatari kwa wanawake, lakini yalitosha kuonyesha kwamba jaribio halingeweza tena kupata faida lililokuwa likiitafuta, nalo likasimamishwa. Ile asilimia 53 ni ya mwanaume asiye na virusi. Mwanamke anayelala naye hana sehemu ndani ya namba hiyo.